Nyota 5 kwenye 15 au nyota 4 kwenye 50: kisa cha picha ya mafuta ya jua iliyotumwa Kigoma

Asha ana miaka 9, yuko darasa la tatu, na ana ualbino. Mama yake anaanika dagaa Kibirizi, na mtoto hushinda naye ufukweni siku za Jumamosi. Mama mdogo wa Asha anaishi Uingereza. Safari hii alinunua chupa mbili za mafuta ya jua za aina mbili tofauti, akaziweka kitandani chini ya taa, akazipiga picha na kuituma kwa WhatsApp. Swali lake lilikuwa fupi: kuna mtu anakuja nyumbani wiki hiyo, begi limejaa, atume ipi? Majina nimeyabadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Mama Asha alikuja na simu yake dukani kwetu Mwanga, ambako nafanya kazi kama mfamasia.

“Dokta, nisaidie kuzisoma hizi. Mimi nimeshamwambia mdogo wangu alete ya kushoto, maana ina nyota tano zote. Hii ya kulia naona tatu tu.”

Jibu hilo lina mantiki yake. Hoteli ya nyota 5 inaishinda ya nyota 3, na picha yenyewe ilikuwa imeandaa mtego: chupa ya kushoto ilikuwa imetazama kamera, nyota zake zinang'aa mstari mzima. Lakini juu ya nyota hizo paliandikwa SPF 15, yaani namba ya kinga dhidi ya kuungua na jua. Ya kulia ilikuwa imegeuka kidogo, mwanga wa taa umeangukia katikati ya namba, na kilichobaki kusomeka ni tarakimu ya kwanza yenye tumbo chini, kisha sifuri. Inaweza kuwa 30, inaweza kuwa 50. Nyota tatu zilionekana, na lebo ikaendelea kuzunguka chupa hadi upande usioonekana.

Kabla ya kupiga picha nyingine kulikuwa na kitu kimoja cha kutusaidia. Ulaya na Uingereza namba ya SPF huambatana na neno la daraja, na maneno hayo yana mipaka yake. Namba 6 na 10 ni daraja la chini. Namba 15, 20 na 25 huandikwa “MEDIUM”. Namba 30 na 50 huandikwa “HIGH”. Ikizidi hapo huandikwa 50+ na neno “VERY HIGH”. Kwa hiyo neno na namba lazima vikubaliane, na pale picha inapoficha kimoja, kingine hukishuhudia. Chupa ya kushoto ilikuwa na “MEDIUM” chini ya 15, sawasawa. Ya kulia ilikuwa na “HIGH”. Hapo tulijua kwamba si 20 na si 50+, ila neno hilo haliwezi kutenganisha 30 na 50, kwa sababu zote mbili zinalitumia.

Basi chupa ya kulia ilikuwa kitu kisichojulikana kati ya mipaka miwili: huenda ni 30 yenye nyota 3, huenda ni 50 yenye nyota 5. Umbali kati ya hizo mbili ni mkubwa sana kwa ngozi ya Asha, na ndiyo maana nilikataa kubahatisha.

Tuanze na namba, kwa sababu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kinga ya mtoto huyu. SPF hupimwa kwa kuangalia ngozi inahitaji dozi gani ya mionzi ndipo ianze kuwa nyekundu, mara moja ikiwa tupu na mara moja ikiwa imepakwa. Ikihitaji dozi mara 30 zaidi baada ya kupakwa, hiyo ni 30. Wekundu huo unasababishwa zaidi na mionzi ya UVB, mifupi na mikali, ndiyo hiyo hiyo inayoongoza kwa kuleta saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino. Kwa hiyo SPF kimsingi inaeleza habari za UVB, na inasema kidogo tu kuhusu mionzi mirefu ya UVA.

Watu wengi waliosoma kidogo juu ya jambo hili watakwambia kwamba 15 inazuia asilimia 93, 30 inazuia 97, na 50 inazuia 98, hivyo tofauti haina maana. Hesabu ni sahihi, ila wanaangalia upande usio sahihi. Ngozi haiungui kwa mionzi iliyozuiwa, inaungua kwa ile iliyopita. SPF 15 inapitisha sehemu moja kati ya 15, yaani karibu asilimia 6.7. SPF 50 inapitisha asilimia 2. Mtoto aliyepakwa 15 anapata mionzi ya kuunguza zaidi ya mara tatu ya yule aliyepakwa 50, kila saa anayokaa juani, kila siku, mwaka mzima. Kwa mtu mwenye melanini ya kutosha, rangi ya asili inayoikinga ngozi, hilo linaweza kuwa suala la kuchagua. Kwa Asha ni tofauti halisi, na makovu madogo aliyonayo tayari juu ya masikio yanaonyesha hivyo.

Halafu nyota. Hizi ni mfumo wa Uingereza, ulioanzishwa na kampuni ya maduka ya dawa ya Boots mwaka 1992, na watengenezaji wengine wakaruhusiwa kuutumia. Ndiyo maana chupa ya Uingereza au Ayalandi inaweza kuwa nazo na ya Ufaransa isiwe nazo. Nyota zinahusu UVA, ile mionzi mirefu inayopenya ndani zaidi ya ngozi na inayopita hata kwenye kioo cha dirisha la gari. Lakini hazisemi ni UVA kiasi gani kinazuiwa. Zinasema uwezo wa mafuta hayo kuzuia UVA unakaribia kiasi gani uwezo wake wenyewe wa kuzuia UVB. Ni uwiano ndani ya chupa moja.

Uwezo wa upande wa UVB ukiuita 10, chupa ya nyota 5 ni ile ambayo uwezo wake wa upande wa UVA unafika 9 au zaidi. Nyota 4 ni kuanzia 8 hadi chini ya 9. Nyota 3 ni kuanzia 6 hadi chini ya 8. Sasa ona kinachotokea. Chupa dhaifu inaweza kupata nyota 5 kwa urahisi, mradi tu udhaifu wake ulingane pande zote mbili. Chupa imara inaweza kupata nyota 4 kwa sababu upande wake wa UVB ni imara kupita kiasi, hata kama upande wake wa UVA unaizidi ile ya nyota 5 kwa mbali.

Nilimfanyia Mama Asha hesabu kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda. Uwiano huo wa nyota unatumia kipimo cha logi, kwa hiyo huwezi kuchukua tu tisa ya kumi ya 15 ukadhani umemaliza. Kwa makadirio ya karibu, ukichukua SPF kama kipimo cha upande wa UVB, mambo yanakuwa hivi. SPF 15 yenye nyota 5 inapitisha takriban asilimia 9 ya UVA. SPF 50 yenye nyota 5 inapitisha takriban asilimia 3, na yenye nyota 4 asilimia 4 na kitu. SPF 50 yenye nyota 3 inapitisha karibu asilimia 10, yaani kwa upande wa UVA haijaishinda ile ya 15 ya nyota 5 hata kidogo. Na SPF 30 yenye nyota 3 inapitisha karibu asilimia 13.

Mama Asha aliitazama ile ya mwisho kwa muda. “Kwa hiyo hii ya kulia inaweza kuwa mbaya kuliko ya kushoto?”

Kwa upande wa UVA, ndiyo, kama ni 30 yenye nyota 3. Kwa upande wa UVB bado ingeishinda ya kushoto mara mbili. Kama ni 50 yenye nyota 4 au 5, inaishinda pande zote bila ubishi. Picha ile moja isingeweza kutuambia tuko wapi.

Kulikuwa na picha nyingine kwenye mazungumzo yao, ambayo mama mdogo aliiongeza ili kumtuliza dada yake: picha ya skrini kutoka ukurasa wa duka, ikionyesha ile chupa ya kulia na nyota za njano, 4.7. Hizo hazihusiani na mionzi. Ni maoni ya wateja, na mteja anaweza kutoa nyota 5 kwa sababu mafuta yananukia vizuri au hayaachi weupe usoni. Njia ya kuzitofautisha ni rahisi: nyota za kinga hazina desimali, zimechapwa kwenye chupa yenyewe, na herufi UVA zipo karibu nazo. Nyota zilizo nje ya chupa, chini ya bei, ni za wanunuzi.

Tukamwandikia mama mdogo ujumbe. Tulimwomba aende dirishani mchana, azime taa na mwanga wa simu, kwa sababu plastiki yenye kung'aa huangaza doa jeupe hasa pale ilipobenuka, na namba kubwa ya mbele huwekwa hapo hapo palipobenuka. Apige picha ya mbele chupa ikiwa imesimama. Kisha aizungushe polepole hadi mstari wa nyota uwe katikati ya kioo cha simu, apige tena. Kisha mgongo wa chupa na kitako chake. Na azitume kama faili, si kama picha ya kawaida, maana WhatsApp huzibana picha na maandishi madogo ya nyuma yanageuka ukungu ukivuta karibu.

Picha zilifika jioni. Namba ilikuwa 50. Nafasi za nyota zilikuwa tano, nne zimejazwa na ya tano imechorwa mzingo tu, ndani tupu. Hapa pia pana mahali pa kukosea: anayehesabu maumbo atapata tano, anayehesabu zilizojazwa atapata nne, na zinazohesabiwa ni zilizojazwa. Kwenye mgongo wa chupa palikuwa na herufi UVA ndani ya duara dogo. Duara hilo ni alama ya Ulaya, na maana yake ni kwamba kinga ya UVA ya chupa hiyo si chini ya theluthi moja ya SPF yake. Kwa 50 ni karibu 17. Kwa chupa ya 15 duara hilo hilo lingemaanisha 5 tu. Nalo pia ni uwiano, kama nyota, na halisomeki bila namba iliyo mbele.

Ushauri wa huduma ya afya ya Uingereza kwa watu wake ni SPF isiyopungua 30 na nyota zisizopungua 4. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, lakini kiliwekwa kwa ajili ya watu wa nchi ya mbali na ikweta, na wengi wao ngozi zao zina melanini, hata kama ni kidogo. Kwa mtoto mwenye ualbino anayeishi nyuzi 5 kusini ya ikweta mimi naanzia 50, na nyota 4 naziona zinatosha. Nikilazimishwa kuchagua kati ya 50 ya nyota 4 na 30 ya nyota 5, nachagua 50, kwa sababu kwa UVA hizo mbili karibu zinalingana na kwa UVB 50 iko mbele.

Mama mdogo akabaki na ile ya 15 kwa matumizi yake, akaongeza chupa ya pili ya 50, na hizo mbili za 50 zikapanda ndege.

Kitako cha chupa kilileta swali jingine. Mama Asha aliona mfululizo wa herufi na tarakimu akadhani ni tarehe iliyokwisha kupita. Ilikuwa namba ya toleo la kiwandani. Kwa sheria za kule, kipodozi kinachodumu zaidi ya miezi 30 kikiwa hakijafunguliwa hakilazimiki kuandikwa tarehe ya mwisho. Badala yake huchorwa kopo lililo wazi na namba ndani yake, kwenye chupa hii 12M: miezi 12 tangu siku ya kufunguliwa. Kwa hiyo siku ya kufungua iandikwe juu ya chupa kwa kalamu isiyofutika. Muda huo nao unachukulia kwamba chupa inakaa mahali pa baridi. Ikiachwa juu ya mchanga wa Kibirizi au chini ya bati lisilo na dari, mafuta hujitenga, yanatoka majimaji kwanza kisha mazito, na harufu hubadilika. Yakifika hapo, namba ya mbele haina dhamana tena.

Wenye ndugu nchi nyingine watakutana na alama nyingine. Chupa za Japani, na nyingi za Korea na India, huandika PA ikifuatwa na alama za kujumlisha, kuanzia moja hadi nne. Hizo ni kipimo cha UVA chenyewe, si uwiano, kwa hiyo PA++++ inamaanisha kitu kile kile bila kujali SPF. Chupa za Marekani huandika “Broad Spectrum”, neno linalosema chupa imefaulu mtihani wa UVA bila kueleza imefaulu kwa alama ngapi. Kwa Asha ningeichukua ya Marekani ikiwa tu SPF ni 50 na hakuna nyingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna picha inayoweza kulionyesha. Namba 50 ilipatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Watu wakiachwa wajipake wenyewe hupaka nusu ya hapo au robo, na kinga inashuka nayo. Anayepaka 50 kwa uchoyo anatembea na kinga ambayo haifanani na chupa yake.

Kwa mtoto wa umri wa Asha, akiwa na sketi ndefu ya shule na soksi, sehemu zilizo wazi ni uso, masikio, shingo, mikono kuanzia kiwiko na viganja kwa nyuma. Hizo hazizidi robo ya mwili wake, na kwa makadirio ya juu ni kama sentimita za mraba 2,500. Zidisha kwa miligramu 2, unapata gramu 5, na hiyo ni kijiko cha chai kimoja kilichojaa. Kijiko kimoja kwa kila upakaji. Mama Asha alikuwa akitumia kiasi cha punje ya haragwe kwa uso na kilichobaki kwenye kiganja anakifutia mikononi.

Upakaji wenyewe lazima ufuate jua la Kigoma. Saa za Tanzania nzima zimepangwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, ambao uko baharini, mashariki ya Dar es Salaam. Kigoma iko karibu na nyuzi 29.6. Kila nyuzi moja ni dakika 4, hivyo jua letu liko nyuma ya saa zetu kwa karibu saa nzima. Jua linafika juu kabisa karibu saa 7 mchana, si saa 6. Jua la saa 9 alasiri hapa lina nguvu sawa na la saa 5 asubuhi. Na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita wima juu ya vichwa vyetu.

Faida ya jambo hilo ni kwamba saa 1 asubuhi, Asha anapokwenda shule, jua ndiyo kwanza linachomoza na kofia inamtosha. Kumpaka saa hiyo, kama mama yake alivyokuwa akifanya, ni kuyatumia mafuta wakati ambao hakuna cha kuzuia, na ifikapo mchana yamefutika kwa jasho na kwa shati. Hasara yake ni kwamba watoto wa madarasa ya chini wanatoka shule saa zile zile ambazo jua liko juu kabisa. Tukapanga hivi: kijiko cha kwanza kabla ya mapumziko ya saa 4, cha pili kabla ya kutoka kwenda nyumbani. Chupa moja ikakaa kwenye kabati la mwalimu wa darasa, pamoja na kijiko. Ya pili ikabaki nyumbani kwa Jumamosi na Jumapili. Nilimsihi asihamishie mafuta kwenye vikopo vidogo, kwa sababu kikopo hakina namba, hakina nyota, na vidole vya kila mtu vinaingia humo.

Ufukweni kanuni ni nyingine, kwani maelekezo ya kawaida ni kurudia kupaka kila baada ya saa mbili, na anayelowa au kutoka jasho arudie mapema zaidi. Maneno ya chupa kwamba inavumilia maji yana kipimo kidogo kuliko yanavyosikika: kwa kanuni za Ulaya inatosha mafuta yabakize nusu ya SPF baada ya kuzama maji mara mbili kwa dakika 20 kila mara. Kivuli nacho kina mipaka, kwa sababu mchanga mkavu unarudisha karibu asilimia 15 ya mionzi juu, chini ya ukingo wa kofia. Nilimwambia Mama Asha wazi kwamba kugeuza dagaa saa 7 mchana si kazi ya Asha, hata akiwa amepakwa vipi. Ageuze asubuhi kabla ya saa 3, au baada ya saa 11 jioni, akiwa na shati la mikono mirefu la kitambaa kizito. Shati halipungui kwa jasho wala haliishi kama chupa.

Hesabu ya vijiko inakupa pia njia ya kukagua. Vijiko viwili kwa siku ni gramu 10. Chupa ilikuwa ya mililita 200, kwa hiyo ikitumiwa sawasawa inaisha baada ya siku 20 hivi za shule, yaani mwezi mmoja wa masomo. Mama Asha alirudi baada ya mwezi kununua dawa ya kikohozi, na nikamuuliza chupa ya shule iko wapi.

“Ipo, dokta, bado nzito. Inakaa vizuri hii.”

Chupa ya mafuta ya jua inayokaa sana haipakwi. Alikwenda kumuona mwalimu, ikabainika kwamba Asha anapakwa uso peke yake, na kijiko kilihamia jikoni kwa walimu tangu wiki ya kwanza. Masikio, shingo ya nyuma na mikono vilikuwa vimeachwa, na ngozi ya juu ya masikio ilikuwa imeanza kubanduka tena. Mwalimu hakuwa mzembe. Aliiona chupa ya ng'ambo akaona ni kitu cha thamani cha kutumia kwa kubana. Alipoonyeshwa kijiko na sehemu za kupaka, chupa ikaanza kushuka kama inavyotakiwa.

Ikishuka hivyo, chupa mbili kutoka Uingereza haziwezi kumvusha Asha hata muhula mmoja. Hilo tulilizungumza mapema na mama mdogo, asije akadhani ametatua tatizo la mwaka. Mafuta ya Kilisun yanatengenezwa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, mahususi kwa watu wenye ualbino. Nilimwandikisha Asha kupitia kliniki ya ngozi ili awe anapata ya kwake huko, na chupa za mama mdogo zikawa za kuziba pengo pale mgawo unapochelewa. Kwa safari zijazo mama mdogo anatuma picha tatu akiwa bado dukani, kabla hajalipa: namba pamoja na neno lake, nyota zikiwa katikati ya picha, na mgongo wa chupa. Mama Asha anazisoma mwenyewe sasa, na anaanzia kwenye namba.